Barua ya Kumuuguza Mwenzi: Maelezo ya Siku Zilizopita na Ombi la Siku Zijazo

Haki inayodhaniwa ipo

Maofisini na viwandani imezoeleka kuamini kwamba mfanyakazi ambaye mke au mume wake amelazwa ana haki ya kwenda kumuuguza, na kwamba barua kwa mwajiri ni ya kutoa taarifa tu. Imani hiyo ina msingi wa kibinadamu usiopingika, lakini kwa upande wa Tanzania Bara haina msingi katika maandishi ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo ilipotungwa ilitoa angalau siku nne za likizo yenye malipo kwa mfanyakazi ambaye mtoto wake ameugua au amefariki, au ambaye amefiwa na mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu. Ugonjwa wa mtoto umetajwa, na kifo cha mwenzi kimetajwa. Ugonjwa wa mwenzi haukutajwa. Siku hizo nne, zaidi ya hayo, ndizo zote anazostahili mfanyakazi ndani ya mzunguko mmoja wa likizo, yaani kipindi cha miezi 36 ambacho sheria inakitumia kuhesabia likizo zisizo za mwaka, hata kama matukio yaliyompata ni mengi.

Pengo hili ndilo linaloipa barua uzito wake. Pale ambapo sheria imetoa haki, barua hukamilisha utaratibu tu, na hata ikiandikwa vibaya haki hubaki palepale. Pale ambapo sheria imenyamaza, barua ndiyo inayotengeneza ruhusa, kwa sababu siku zinazotafutwa hutegemea kanuni za kampuni, mkataba wa hali bora (makubaliano ya pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri) au hiari ya mwajiri mwenyewe. Kenya nayo, chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, haina likizo iliyotengwa kwa ajili ya ugonjwa wa mwenzi, na mfanyakazi wa huko huangukia kwenye siku zake 21 za kazi za likizo ya mwaka, ambazo zinaweza kugawanywa kwa makubaliano.

Kwa nini siku hukatikakatika

Ni rahisi kuuliza kwa nini mfanyakazi asichukue likizo moja ndefu akamalizana na suala hilo. Jibu liko katika namna huduma za kibingwa zinavyopatikana. Mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya na ya mkoa, na hatimaye hufika katika hospitali kubwa zilizo katika miji michache, kama Muhimbili jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza au KCMC mjini Moshi. Mwenzi wake hubaki mahali penye kazi, watoto na kodi ya nyumba, na huitwa hospitalini kwa ajili ya mambo mafupi yasiyoweza kufanywa kwa simu: kukutana na daktari wakati wa raundi, kushuhudia ridhaa ya upasuaji, kutafuta ndugu wa kuchangia damu, kushughulikia bima au bili, au kumpokea kijiti ndugu aliyekuwa akilala hospitalini na kumletea mgonjwa chakula.

Jambo la pili ni kwamba raundi za mabingwa na kazi za ofisi za hospitali hufanyika zaidi siku za kazi. Anayesafiri kutoka Iringa kwenda Dar es Salaam Ijumaa jioni na kurudi Jumapili humwona mgonjwa lakini anaweza asimwone daktari anayemtibu, na hivyo safari yenye maana humgharimu siku moja au mbili za kazi. Mwajiri asiyeelezwa jambo hili huona tu kwamba kila anapokosekana mtu huyu ni Ijumaa au Jumatatu, sura ambayo kwa maofisa rasilimali watu wengi ni dalili ya mtu anayejiongezea wikiendi. Mfanyakazi mkweli hufanana na mtoro kwa sababu ya ratiba ya hospitali, na hakuna kitakachoondoa mfanano huo isipokuwa maelezo ya maandishi.

Hatari ya kimya

Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, ambazo huwaongoza waajiri, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na mahakama katika masuala ya nidhamu, zinahesabu kuwa kosa zito linaloweza kumwachisha mtu kazi kule kukosekana kazini kwa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa au bila sababu inayokubalika. Mambo mawili katika maneno hayo yanafaa kusomwa polepole. Hesabu ni ya siku za kazi, kwa hiyo mtu aliyekosa siku moja moja kwa mwezi mzima hana hakika kwamba yuko salama kwa sababu tu siku zake hazikufuatana. Mwajiri aliyechoka anaweza kuzijumlisha. Pili, ruhusa na sababu zimetajwa kama vitu viwili tofauti. Ruhusa huombwa kabla ya siku kufika, ilhali sababu inaweza kutolewa hata baada ya siku kupita.

Hapo ndipo barua nyingi zinapoharibika. Mwandishi huomba ruhusa ya siku ambazo tayari amekosa, jambo lisilowezekana, au huomba radhi kwa siku zilizopita akadhani kwamba radhi hiyo imemfungulia mlango wa siku zijazo. Barua inayofaa hutenganisha mambo hayo: siku zilizopita huzitolea maelezo na uthibitisho, na siku zijazo huziombea ruhusa kwa tarehe. Mambo mengine yote, kuanzia lugha hadi viambatisho, hufuata mgawanyo huo.

Njia nne na gharama zake

Njia ya kwanza, nayo ndiyo inayotumika zaidi, ni ruhusa ya mdomo. Mfanyakazi humpigia msimamizi wake, msimamizi humwambia aende tu na kumpa pole, na kazi inaendelea. Uzuri wa njia hii ni wepesi, na katika dharura ya usiku hakuna njia nyingine. Udhaifu wake hujitokeza msimamizi anapohamishwa au anapobanwa na wakubwa wake, kwa kuwa daftari la mahudhurio linabaki na alama ya kukosekana na hakuna karatasi inayosema vinginevyo. Ujumbe mfupi wa simu unaotumwa baada ya mazungumzo, wenye kutaja tarehe na jibu alilotoa msimamizi, hupunguza sana udhaifu huo, lakini hauufuti.

Njia ya pili ni barua moja kwa kila safari. Hii huacha kumbukumbu nzuri, ila huwachosha wote wawili. Kila barua humlazimisha mwajiri kufanya uamuzi mpya, na kadiri zinavyoongezeka ndivyo huruma inavyopungua, hata pale ambapo jumla ya siku ni ndogo kuliko ambavyo mwajiri angekubali kama angeombwa zote kwa pamoja.

Njia ya tatu ni kuchukua likizo ya mwaka yote kwa mkupuo. Sheria inampa mfanyakazi angalau siku 28 mfululizo, na njia hii inafaa sana pale ambapo upasuaji umepangwa na kipindi cha kuuguza kinajulikana. Lakini ugonjwa wa muda mrefu hauendi hivyo. Likizo huweza kumalizika mgonjwa akiwa bado anasubiri majibu ya vipimo, na wiki ile ambayo uwepo wa mwenzi unahitajika kuliko zote humkuta hana hata siku moja iliyobaki. Kwa upande wa mwajiri pia, mtu asiyeonekana mwezi mzima anaweza kuwa mzigo mkubwa kuliko anayekosekana siku sita zilizojulikana mapema.

Njia ya nne, ambayo haifai hata kidogo ingawa hutumika, ni kutafuta ED, ile karatasi ya daktari inayompumzisha mfanyakazi anayeumwa. Kishawishi chake kinaeleweka: sheria inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, na mtu mwenye mgonjwa huona hazina hiyo ikiwa imelala tu. Hata hivyo siku hizo ni za ugonjwa wa mfanyakazi mwenyewe. Anayewasilisha ED ilhali yuko Dar es Salaam akimuuguza mkewe amegeuza suala la mahudhurio, ambalo lina utetezi mzuri, kuwa suala la udanganyifu, ambalo halina, na tiketi yake ya basi inatosha kuwa ushahidi dhidi yake.

Inabaki barua ya kipindi, yaani barua moja inayoeleza yaliyopita na kuomba mfululizo wa siku fupi kwa wiki kadhaa zijazo. Inahitaji kazi zaidi wakati wa kuiandika, na ina udhaifu wa kweli, kwamba hospitali haifuati kalenda ya mtu na tarehe zilizoombwa zinaweza kugongana na hali halisi ya mgonjwa. Bado ndiyo njia pekee kati ya hizi inayompa mwajiri kitu anachoweza kukipangia.

Mfano uliofanyiwa hesabu

Achukuliwe mhasibu msaidizi wa kampuni binafsi mjini Iringa, anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, ambaye mkewe alihamishiwa kwa rufaa Dar es Salaam tarehe 17 Mei 2026. Tarehe 18 na 19 Mei hakuwapo kazini, na alimpigia simu msimamizi wake. Tarehe 22 Mei hakuwapo na hakumwarifu mtu, kwa kuwa aliitwa usiku kwa ajili ya upasuaji wa dharura. Tarehe 29 Mei na 1 Juni aliruhusiwa kwa mdomo. Jumla ni siku tano za kazi, na kati ya hizo hakuna hata moja yenye karatasi. Siku nyingine moja tu ya namna hiyo ingemvusha kwenye kiwango cha kosa zito, iwapo mwajiri angeamua kuhesabu kwa ukali.

Kwa siku zijazo anahitaji safari tatu. Kila safari huanza Alhamisi usiku kwa basi, humwezesha kuwapo kwenye raundi ya Ijumaa asubuhi, na huishia Jumatatu anaposafiri kurudi. Tarehe zake ni 12 na 15 Juni, 26 na 29 Juni, kisha 10 na 13 Julai. Kwa hesabu ya siku za kazi ni siku sita. Lakini likizo ya mwaka katika sheria ya Tanzania Bara imetajwa kwa siku mfululizo, hata sikukuu iliyoangukia ndani yake huhesabiwa humo, na ofisa anayeifuata hesabu hiyo anaweza kuandika Ijumaa hadi Jumatatu kuwa siku nne. Safari tatu zitakuwa zimekula siku 12, mara mbili ya siku ambazo mtu huyu hakuwapo kazini. Tofauti hiyo haionekani mpaka mwisho wa mwaka, na ndiyo sababu barua lazima itamke kwamba zinazoombwa ni siku sita za kazi.

Sheria yenyewe ina mlango unaosaidia hapa. Inaruhusu siku za likizo ya mwaka zipunguzwe kwa idadi ya siku za ruhusa ya hapa na pale yenye malipo ambazo mwajiri alimpa mfanyakazi, kwa ombi la mfanyakazi, ndani ya mzunguko huohuo wa likizo ya mwaka. Maana yake ni kwamba mwajiri anaweza kutoa siku moja moja na kulipa mshahara bila kupata hasara, kwa kuwa atazifidia kwenye likizo ya mwaka. Ombi linaloitaja njia hiyo humwondolea mwajiri hofu kwamba anadaiwa msaada, na hukubalika kwa urahisi kuliko ombi linalotegemea huruma peke yake.

Kuna pia suala la kazi yenyewe. Mhasibu anajua kwamba kodi ya mishahara hupelekwa kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita, na ritani ya VAT hutakiwa kufikia tarehe 20. Tarehe alizoomba hazigusi siku hizo, na barua inapaswa kulisema jambo hilo waziwazi, kwa kuwa msomaji wake wa kwanza atakuwa meneja wa fedha na swali lake la kwanza litakuwa hilo. Kiini cha barua, baada ya anwani na tarehe, kinaweza kuandikwa hivi:

"Yah: Maelezo ya siku nilizokosekana kazini na ombi la ruhusa ya vipindi vifupi kwa ajili ya kumuuguza mke

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mke wangu amelazwa jijini Dar es Salaam tangu tarehe 17 Mei 2026 kwa rufaa kutoka Iringa. Kwa sababu hiyo sikuwapo kazini tarehe 18 na 19 Mei, baada ya kumpigia simu msimamizi wangu. Sikuwapo pia tarehe 22 Mei, ambapo niliitwa usiku kwa dharura na sikutoa taarifa, jambo ninaloliombea radhi. Tarehe 29 Mei na 1 Juni sikuwapo kwa ruhusa ya mdomo. Nimeambatisha barua ya rufaa, uthibitisho wa kulazwa na tiketi za safari.

Naomba ruhusa ya siku sita za kazi: 12 na 15 Juni, 26 na 29 Juni, 10 na 13 Julai. Naomba siku hizo zilipwe na zikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka, au isipowezekana hivyo, ziwe bila malipo. Tarehe hizi hazigongani na malipo ya kodi ya mishahara wala ritani ya VAT, na nimekubaliana na mwenzangu wa idara atakayeshika malipo madogo nisipokuwapo. Hali ya mgonjwa ikibadilika nitaarifu kwa simu na kwa maandishi kabla ya saa mbili asubuhi ya siku husika. Nitaleta taarifa mpya tarehe 14 Julai."

Tarehe ya mwisho katika barua hiyo ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Mwajiri huogopa ruhusa isiyo na mwisho kuliko anavyoogopa ruhusa ndefu, na siku ya kutoa taarifa upya humpa hakika kwamba suala litarudi mezani bila yeye kulifuatilia. Kosa la tarehe 22 Mei nalo limetajwa bila kufichwa, kwa sababu mwajiri tayari analijua, na barua inayoliruka hutia shaka hata katika yale ya kweli.

Ugonjwa wenyewe utajwe?

Wapo wanaoshikilia kwamba barua itaje ugonjwa kwa jina, kwa hoja kwamba mwajiri anayejua uzito wa hali hulegeza moyo, na kwamba maelezo ya juujuu huonekana kama kisingizio. Hoja hii ina nguvu katika ofisi ndogo ambako watu wanajuana. Upande wa pili unasema kwamba taarifa za afya ni za mgonjwa, naye si mwajiriwa wa kampuni hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, ambazo kuzichakata kwa kawaida kunahitaji ridhaa ya maandishi ya mwenye taarifa. Barua ikishaingia masjala, yaani chumba cha kumbukumbu za ofisi, husomwa na karani, ofisa utumishi na meneja, na picha yake inaweza kufika kwenye kundi la simu la wafanyakazi kabla ya mchana.

Upande wa pili una uzito zaidi, na si kwa sababu ya sheria peke yake. Mwajiri anahitaji kujua mambo matatu ili aamue: kwamba mgonjwa amelazwa kweli, kwamba hospitali iko mbali, na kwamba uwepo wa mwenzi unahitajika kwa tarehe fulani. Hakuna hata moja linalohitaji jina la ugonjwa. Uthibitisho unaotaja kulazwa, wodi na tarehe unatosha, na unaweza kuombwa wodini au katika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Karatasi yenye majibu ya vipimo haipaswi kuambatishwa. Ikibidi kuonyeshwa, ionyeshwe kwa ofisa mmoja na irudi mkononi. Na kabla ya yote hayo mgonjwa mwenyewe, akiwa na uwezo wa kusema, aulizwe anakubali nini kiandikwe.

Mwajiri akikataa au akinyamaza

Maslahi ya mwajiri hayapaswi kudharauliwa. Duka la dawa lenye wahudumu wawili haliwezi kumkosa mmoja kila Ijumaa kama ambavyo kampuni ya watu 200 inavyoweza, na mwajiri anayeruhusu kwa mmoja hujua kwamba ataulizwa na wengine. Kwa hiyo jibu la kukataa linaweza kuwa halali, na mfanyakazi anayesafiri baada ya kukataliwa hujiweka mahali pabaya kuliko asiyeomba, kwa kuwa sasa ipo karatasi inayoonyesha kwamba ruhusa ilinyimwa. Hatua inayofaa ni kurudi na ombi jembamba zaidi: siku tatu badala ya sita, Ijumaa bila Jumatatu, kubadilishana zamu, au likizo bila malipo, na kumshirikisha kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi palipo na tawi.

Kimya ni kigumu kuliko kukataliwa, kwa sababu kila upande hukitafsiri unavyotaka. Mfanyakazi hukiona kuwa ni kukubaliwa, na mwajiri baadaye husema hakuwahi kukubali. Kinga yake ni nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe, ikifuatiwa na ukumbusho mfupi siku mbili au tatu kabla ya safari ya kwanza. Ikiwa mambo yatafika kwenye kuachishwa kazi, mwajiri ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu wa haki, na mfanyakazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nakala ile yenye muhuri, tiketi na uthibitisho wa kulazwa ndivyo vitakavyowekwa mezani siku hiyo, na vyote hukusanywa kwa urahisi wakati mgonjwa akiwa bado wodini, kuliko miezi miwili baada ya kutoka.